Elfu Tano ya Kumkwepa Dalali

Simu iliyoingia asubuhi hii ndiyo iliyonichafua roho: yule mheshimiwa wa Ilazo anauliza kama zimebaki zabibu nyingine za kuonja.

Mimi, mkulima wa Mpunguzi mwenye akili zangu timamu, juzi nilimkatalia dalali aliyenipa shilingi 1,500 kwa kilo pale pale shambani, mizani yake na kreti zake. Nilimwambia kwa adabu kwamba zama za kunyonywa zimekwisha, nikapakia kilo 80 kwenye kirikuu kwa shilingi 25,000, nikaenda Dodoma mjini kuuza mwenyewe kwa 2,500.

Meza na mifuko vilimeza 4,000, na tumbo langu likadai 4,000 nyingine. Mchana mheshimiwa akapiga simu, anataka kilo kumi zifike nyumbani kwake. Nikamwachia meza jirani yangu muuza mchicha, nikapanda bodaboda, 5,000 kwenda na kurudi. Mheshimiwa alichuma punje moja, akafumba macho kama anayesikiliza hotuba, kisha akamwita mama watoto. Mama watoto alionja tatu, akamwita shemeji. Shemeji alionja kishada kizima, kisha akatamka kwamba zina mbegu.

"Mzee wangu," mheshimiwa akasema, "si umetoa shambani moja kwa moja? Basi nipe bei ya shambani."

Nilimjibu kwa heshima kwamba shamba liko Mpunguzi na hapa ni Ilazo, na kwamba umbali huo zabibu hazikuutembea kwa miguu. Akachukua kilo mbili. Mbili! Nane nikazirudisha kwenye bodaboda, zikidundadunda kwenye mashimo, na kila shimo likidai punje zake.

Zabibu ikishakatwa haiivi tena wala haikungoji: kikonyo kinakauka, punje zinapukutika, na mteja akiona chini ya kreti kuna punje zisizo na kishada anajua kwamba muuzaji ameshabanwa. Nililala mjini kwa shemeji yangu, na asubuhi ya pili vikonyo vilikuwa na rangi ya njiti za kiberiti. Kilo 62 ziliuzwa kwa bei yangu, kumi za kupukutika nikazitoa kwa 1,000, na nane zikaishia kwenye ndoo na kwenye vinywa vya waonjaji.

Basi mkononi nilishika 165,000. Ukitoa gharama zile pamoja na nauli yangu ya kurudi, 2,000, inabaki 125,000. Dalali angenipa 120,000 nikiwa nimekaa chini ya mbuyu. Nimeuza siku mbili za maisha yangu kwa elfu tano, huku ndege wakinisaidia kuvuna mistari niliyoiacha bila mlinzi.

Jioni dalali amepita na pikipiki yake, akapunguza mwendo.

"Mzee, mjini kulikuwaje?"

"Soko limechangamka sana," nikamjibu, nikaificha ndoo nyuma ya mguu.