Kuta nzito Dodoma: ni baridi ya mchana au joto la usiku?

Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya jua kali Dodoma. Alasiri joto hufika nyuzi 31 hivi, na kabla ya alfajiri hushuka hadi 19 au chini yake kidogo. Pengo hilo la nyuzi kama 12 ndilo linalowafanya watu wengi waseme: jenga kuta nene, nyumba itajipoza yenyewe. Wapo pia waliolala katika nyumba za tofali za hapo hapo wakiloa jasho hadi saa 8 usiku, nao hawataki kusikia habari hiyo. Nadhani pande zote mbili zinasema kweli, ila kila upande unazungumzia saa tofauti za siku.

Wanaotetea kuta nzito wana hoja yenye mizizi hapa hapa. Tembe la Wagogo, lenye kuta za udongo na paa bapa la udongo, hubaki na ubaridi wakati jua linaunguza nje. Udongo, mawe na zege hupokea joto jingi kabla ya kupanda nyuzi moja, kwa hiyo mchana hulimeza polepole. Mfano wa kisasa ni jengo la Eastgate mjini Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kufunguliwa mwaka 1996. Harare nako usiku huwa na ubaridi. Feni husukuma hewa ya usiku kupitia mapengo yaliyo ndani ya sakafu za zege, zege linapoa, na mchana hewa inayoingia ofisini hupozwa na zege hilo. Jengo zima halikuwekewa mfumo wa kiyoyozi wa kawaida.

Lakini Eastgate lina mambo mawili ambayo nyumba ya kulala haina: usiku halina watu, na feni zake hazitegemei kama upepo umevuma au la. Hapo ndipo ubishi wenyewe ulipo. Ukuta haupotezi joto. Unaliweka tu, na lisipotolewa usiku, kesho yake ukuta unaianza siku ukiwa umeshiba.

Tupige hesabu ya chumba kimoja. Kina mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7, kuta za tofali za saruji za inchi 6 zilizopigwa lipu, sakafu ya saruji. Ukiondoa mlango na dirisha unabaki na kama mita 46 za mraba za kuta na sakafu. Katika mzunguko wa siku moja, sentimita 10 hivi za juu ndizo zinazofanya kazi ya kupokea na kutoa joto. Zilizo ndani zaidi huchangia kidogo tu. Kwa hiyo kushusha chumba hicho nyuzi moja ni kutoa kama uniti 2.3 za nishati, uniti zile zile za kwenye mita ya umeme. Kukishusha nyuzi 3 ni karibu uniti 7.

Nani atazitoa? Hewa. Kwa mwinuko wa Dodoma, zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba kama wati-saa 0.3 kwa kila nyuzi inayopanda ikipita chumbani, na uniti moja ni wati-saa 1,000. Tuseme inaingia na kutoka ikiwa imepanda nyuzi 4, na tuna saa 9, kuanzia saa 3 usiku hadi saa 12 asubuhi. Ili kutoa uniti 7 unahitaji karibu mita za ujazo 650 kila saa, yaani hewa yote ya chumba ibadilike mara 20 kwa saa. Dirisha lililoachwa wazi kidogo, mlango ukiwa umefungwa, hubadilisha hewa mara 3 hivi. Hizo zitatoa uniti moja tu, na ukuta hautashuka hata nusu nyuzi.

Hiyo ndiyo sababu ya malalamiko. Unene wa ukuta si tatizo; hewa haipiti. Na haipiti kwa sababu zinazoeleweka: mwizi, mbu, vumbi. Dirisha la aluminiamu la kusukuma hufunguka nusu tu ya upana wake. Wavu wa mbu wenye matundu madogo unaweza kukata karibu nusu ya mtiririko uliobaki. Ramani ya nyumba nayo huenda ililetwa kutoka Dar es Salaam, ambako usiku wa msimu wa joto haushuki sana chini ya nyuzi 24, hivyo hakuna aliyefikiria kupoza ukuta usiku.

Mara 20 kwa saa si ndoto, lakini. Matundu mawili yanayotazamana, kila moja nusu mita ya mraba, yakipata upepo mdogo wa mita 1 kwa sekunde, hupitisha mita za ujazo karibu 600 kwa saa kabla ya kuweka wavu. Yawekee nondo, yaongeze ukubwa ili kufidia wavu, na yafungwe saa 2 asubuhi kabla hewa ya nje haijapita joto la ndani. Sharti hili la kufunga wengi hulisahau: mchana huacha wazi wakitafuta upepo, na kuta zinashiba kabla ya adhuhuri.

Upande wa nyumba nyepesi nao una hoja nzito. Kuta za mbao au bodi zenye kizuizi cha joto hupoa mara jua likizama, na chumba cha kulala hutumika usiku tu. Hata ukiweka kiyoyozi, katika chumba kizito kinaanza kwa kupoza kuta kabla hujakisikia wewe. Na kuna kosa la ukuta wa inchi 6 ambalo ukuta mnene wa udongo hauna. Jua la saa 10 jioni likipiga upande wa magharibi, joto huchukua saa 4 au 5 kupenya, na linatokea ndani saa 2 au 3 usiku, wakati unapanda kitandani. Ukuta wa udongo wa sentimita 40 huchelewesha joto hilo hadi alfajiri, tena likiwa limefifia sana. Kwa hiyo tofali la kawaida liko katikati pabaya: zito kiasi cha kuhifadhi joto, jembamba kiasi cha kulileta saa isiyofaa.

Hukumu yangu haiko katikati. Madarasa, ofisi na sebule, vinavyotumika mchana, vijengwe vizito na vifunguliwe usiku. Chumba cha kulala kiwe kizito ikiwa tu mwenye nyumba ataweza kweli kuacha matundu wazi usiku kucha. Akishindwa, fedha ya kuongeza unene aitumie kwenye dari lenye kizuizi cha joto chini ya bati, na kivuli cha mti au kibaraza upande wa magharibi. Bati lisilo na dari linamwaga joto juu ya kuta mchana kutwa, na hakuna dirisha litakalolishinda.

Aliyekwisha kujenga anaweza kujua kosa liko wapi kwa vipimajoto viwili, kimoja ndani, kingine nje kivulini. Avisome saa 12 asubuhi na saa 9 alasiri kwa siku tatu za jua. Ndani kukiwa na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 5 asubuhi, hewa ya usiku haipiti. Asubuhi kukiwa sawa lakini alasiri ndani kumefikia nje, aangalie dari na madirisha ya mchana. Na saa 3 usiku aweke kiganja kwenye ukuta wa magharibi, kisha wa mashariki: ule wa magharibi ukiwa na joto zaidi, unahitaji kivuli.