Ukinyamaza mshahara ukipunguzwa, umekubali?

"Tangu Machi mshahara wangu umeshuka kutoka 900,000 hadi 700,000, na mimi mhasibu nimeongezewa kazi ya stoo. Barua ya mabadiliko sikuisaini, ila kazini naenda. Mwajiri anasema kwa kuendelea kufanya kazi nimekubali. Ni kweli?"

Hapana, ila ukimya wako unampa nguvu kila mwezi unaopita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri anayebadilisha masharti ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Waajiri hulishika neno "kushauriana" na kusema: tulikaa kikao, yatosha. Lakini mshahara ndio moyo wa mkataba, na mkataba haubadilishwi na mmoja. Kikao ni njia ya kufikia makubaliano, hakiwezi kuchukua nafasi yake. Kifungu cha 28 nacho kinabana makato: yasipotokana na sheria, makubaliano ya pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri au amri ya mahakama, mfanyakazi ayakubali kwa maandishi, na yawe ya deni. Wewe hudaiwi.

Mwajiri naye ana hoja ya kusikilizwa. Biashara ikiyumba kweli, njia nyingine ni kupunguza wafanyakazi chini ya kifungu cha 38, na wengi wangechagua laki saba kuliko kukosa kazi. Anayefungua vitabu vya hesabu, akatoa muda wa kufikiri na kusikiliza mapendekezo, huyo akipata saini ni saini ya haki. "Saini leo au usirudi kesho" ni jambo jingine, kwa sababu Sheria ya Mikataba inataka ridhaa iliyo huru. Mimi huanza na tarehe: hati ya mshahara ikionyesha 700,000 kabla ya siku ya kikao, basi kikao kilikuwa cha kutangaziwa tu.

Kuhusu stoo, tazama maelezo ya kazi yako. Kuhesabu bidhaa mwisho wa mwezi kunaweza kuwa sehemu ya uhasibu. Kukabidhiwa funguo na kubeba dhamana ya upotevu kila siku ni kazi nyingine.

Kwenye ukimya, kesi ya Rigby dhidi ya Ferodo, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1987, inafundisha vizuri. Mfanyakazi alipunguziwa ujira, akapinga, akaendelea kufanya kazi, na akashinda tofauti yote. Kilichomwokoa ni kupinga.

Kwa hiyo andika barua leo: "Napokea 700,000 bila kukubali punguzo, nadai 200,000 za kila mwezi." Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mgogoro wa aina hii hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Ukichelewa, utaomba kwanza kuongezewa muda kwa sababu za msingi. Na usiache kazi kwa hasira: ukiacha, itabidi uthibitishe kwamba mwajiri ndiye aliyefanya kazi isivumilike, na muda wa kulalamikia kuachishwa ni siku 30 tu.