Jina la mtu halitafsiriwi, hata kama simu inajua maana yake

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye meza yangu ya kutafsiri barua za Kiarabu, nyuma ya stesheneri moja huku Kaloleni, Arusha, akaingia binti katokea Moshi na kosta ya asubuhi. "Shikamoo ustadhi." Marahaba, karibu ukae. Akatoa bahasha, ndani kuna karatasi mbili, moja barua ya Kiarabu yenye muhuri wa bluu na nyingine tafsiri yake ya Kiswahili iliyoprintiwa vizuri kabisa, na juu ya ile tafsiri mtu wa ofisini kaandika kwa kalamu nyekundu: majina hayaendani na pasipoti.

Barua yenyewe ni ya mwajiri wake wa Omani, inathibitisha kwamba alifanya kazi kwake miaka miwili mpaka akamaliza. Ni ukurasa mmoja tu. Tafsiri alifanyiwa mahali fulani kwa kupiga picha na simu, aplikesheni ikabandika Kiswahili juu ya Kiarabu, kijana akakopi akaprinti akamdai hela yake. Niliposoma nilisikitika kweli, maana sentensi za katikati zilikuwa nzuri, zile za "tunathibitisha kwamba" na "alikuwa na tabia njema" zimetoka safi, lakini kila mahali palipokuwa na jina la mtu au la mahali pameharibika. Mwajiri anaitwa Furaha Kahawa Salama. Anwani yake ni Wilaya ya Picha. Na binti mwenyewe kawa Bindu Moshi, aliyezaliwa Mushi.

Jina lake halisi sitaliandika hapa, nimeweka Pendo Mushi mzaliwa wa Moshi kwa sababu matatizo yake ni yaleyale, herufi kwa herufi.

Tuanze na huyo Furaha Kahawa Salama. Kwenye barua imeandikwa سعيد بن سالم, yaani Said bin Salim. Said kwa Kiarabu ni mtu mwenye furaha, Salim ni aliye salama, hapo simu haijakosea maana hata kidogo. Tatizo ni kwamba pale haikuulizwa maana. Ila "kahawa" ndiyo inayoonyesha jambo lenyewe lilivyotokea. Neno بن halina irabu juu yake, ukilisoma bin ni mtoto wa fulani, ukilisoma bun ni kahawa, ndiyo hiyohiyo buni ambayo watu wa Kilimanjaro tumeianika uani tangu utotoni. Mtu anayesoma mstari mzima hawezi kuchanganya, lakini kwenye ile barua Said yupo mwisho wa mstari mmoja, bin na Salim wameangukia mstari unaofuata, na hizi aplikesheni za kamera kwanza zinakata picha vipande vipande, kila kipande kinasomwa herufi, halafu kinatafsiriwa, halafu kinabandikwa mahali pake. Kipande kikiwa na maneno mawili tu yasiyo na sentensi, hakuna kinachoiambia simu kwamba hapa pana binadamu anatajwa. Ndiyo maana majina yanaharibika zaidi kwenye fomu na kwenye vichwa vya barua kuliko kwenye aya ndefu.

Sasa Wilaya ya Picha. Huu ni mji wa Sur, kule mashariki ya Omani, mji wa mafundi wa majahazi ambao vyombo vyake vimekuja pwani yetu vizazi na vizazi. Kwa Kiarabu unaandikwa صور, na neno la "picha" kwa wingi, suwar, linaandikwa vilevile صور, huwezi kuona tofauti kwa macho. Simu ikachagua picha. Na hapa kuna kitu nataka kieleweke vizuri kwa sababu watu wengi wakishaambiwa "usitafsiri anwani" wanaacha kila kitu na tafsiri inakuwa haisomeki. Ndani ya anwani kuna maneno ya aina mbili. Kuna yale yanayosema hiki ni kitu gani, kwa mfano wilaya, ambayo Waomani wanalo hilohilo neno wilaya, au barabara, au ص.ب ambayo ni sanduku la barua, sisi tunaandika S.L.P. Hayo tafsiri, yatamsaidia msomaji. Halafu kuna jina lenyewe, na hilo unalinukuu kwa herufi zetu kama linavyotamkwa, basi. Kwa hiyo unaandika Wilaya ya Sur. Kule Maskati kuna eneo linaitwa Wadi Kabir, ukilitafsiri ni Bonde Kubwa, lakini mwenyeji wa kule ukimtajia Bonde Kubwa atakutolea macho tu. Fikiria mtu wa Maskati akageuza anwani ya Moshi, aandike dukhani, yaani moshi wa moto. Au mtaa wa Pasua akauweka kitenzi. Barua hiyo haifiki.

Namba ya sanduku nayo ilikuwa imekosewa, na hili nililiona baada ya kuipeleka karatasi dirishani. Tafsiri inasema S.L.P. 15. Kwenye barua imeandikwa ١٠٥. Sifuri ya tarakimu za Kiarabu ni nukta, nukta kabisa, na ile duara ambayo macho yetu yanaisoma sifuri ni tano. Karatasi ilikunjwa mara nne ikakaa kwenye pochi, mkunjo umepita hapohapo, nukta imebaki alama hafifu ambayo kwenye picha ya simu inaonekana kama uchafu. Kwa hiyo ni 105, sio 15. Aplikesheni kama ile haikwambii kwamba hapa nilikuwa na wasiwasi, inakupa namba safi kama namba nyingine yoyote, kwa hiyo mimi namba zote nazisoma kwenye karatasi yenyewe, nikikuta moja tu nasoma mara mbili.

Nimeacha jina la binti mwisho kwa sababu ndilo lililomrudisha nyumbani na karatasi yake, na ndilo ambalo hata watu wanaojua Kiarabu wanalikosea. Hapa simu haikutafsiri. Hapa simu ilinukuu, ilifanya kile ninachosema ifanye, na bado imekosea.

Angalia njia ambayo jina limepita. Lilitoka Moshi likiwa Pendo Mushi kwenye pasipoti, kwa herufi zetu. Likafika Omani, karani akaliandika kwa herufi za Kiarabu, بيندو موشي. Kiarabu hakina herufi ya p, kwa hiyo p ikawa b. E na i zinabebwa na herufi moja. O na u nazo zinabebwa na herufi moja. Hapo tayari habari imepotea, na ikishapotea hairudi kwa kuangalia ile karatasi, hata uwe msomaji hodari namna gani, maana hayo maandishi yanaweza kusomeka Pendo, Bendo, Bindo, Bindu. Na موشي ni Mushi na ni Moshi pia! Jina la ukoo na jina la mji yameandikwa sawasawa, mstari mmoja juu ya mwingine, simu ikatupia moja huku na moja kule, ikayabadilishana. Wazee wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walikutana na hilihili la p na b na la irabu, ila wao msomaji wao alikuwa Mswahili anayejua lugha, akiona neno anajua linatakiwa kusomekaje. Jina la mtu huwezi kulikisia hivyo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nautetea popote: jina lililozaliwa kwa herufi zetu halinukuliwi upya, linarudishwa kwenye asili yake. Unamwambia mteja toa pasipoti, unafungua ukurasa wa picha, unaangalia ile mistari miwili ya chini ambayo mashine za uhamiaji zinaisoma, mstari wa kwanza una jina lake limeandikwa hivi:

```
MUSHI<<PENDO
```

Ukoo kwanza, alama mbili, halafu jina la kupewa. Ndivyo unavyoandika kwenye tafsiri, herufi kwa herufi. Lakini kabla ya hapo lazima uhakikishe kwamba barua inamzungumzia huyu huyu, kwa hiyo nililinganisha namba ya pasipoti iliyotajwa kwenye barua na ya kwenye kitabu, tarakimu moja moja, na tarehe ya kuzaliwa pia. Zikilingana, basi. Zisipolingana mimi naandika jina kama linavyosomeka na naweka maelezo chini, kwa sababu kazi yangu sio kumtengenezea mtu ushahidi.

Jina la mwajiri ni habari nyingine, kwa sababu lenyewe limezaliwa kwa Kiarabu. Hapo unanukuu kweli, na uamuzi ni wako, ila ukishaamua usibadilishe, sio juu Said na chini Saeed, msomaji ataona watu wawili.

Kuna rafiki yangu, fundi mzuri wa lugha kuliko mimi, ananipinga. Anasema majina ya Kiafrika na ya Kiarabu yana maana, ukiyaacha tu unamnyima msomaji kitu, Neema ni neema na Shida alizaliwa wakati wa shida. Namuelewa, na kwenye hadithi au kwenye shairi ningemuunga mkono. Lakini karatasi ya namna hii ina swali moja tu, huyu aliyeandikwa hapa ndiye huyu aliyesimama mbele yangu? Maana ya jina hailijibu hilo swali, herufi ndizo zinalijibu. Na hata hizi aplikesheni, wanaozitengeneza wangetufaa sana kama kisanduku kinachofuata baada ya neno "jina" au "anwani" kingeachwa na maandishi yake ya asili na chini yake kikawekwa jinsi kinavyosomeka, kuliko kufunika kila kitu na Kiswahili mpaka mtu hajui pale mwanzo palikuwa na nini. Kwa sasa dawa ni kuzima ule ufuniko, kurudi kwenye picha tupu, na kusoma mwenyewe au kumpa anayeweza.

Tulipofika kwenye jina la mwajiri nilishaandika Said bin Salim, nimeshahifadhi, ndo binti akasema ngoja ustadhi, akatoa simu akatafuta humo picha ya mkataba wake wa kwanza, ukurasa wa pili umeambatishwa nakala ya kitambulisho cha yule mwajiri. Pana Kiarabu upande mmoja na herufi zetu upande mwingine: Saeed. Mimi nisingeandika hivyo, masikioni mwangu ni Said. Nikafuta, nikaandika Saeed sehemu zote tatu, nikaprinti, akakaa kusoma mstari kwa mstari na kidole mpaka alipofika kwenye jina lake.