Ukiulizwa unaingiza shilingi ngapi, jibu

Kuna ushauri unaozunguka siku hizi unanichosha. Eti mtu mnayeanza kufahamiana kimapenzi akikuuliza kipato, cheka, geuza mada, "muache na kiu ya kutaka kujua". Kiu gani? Mtu kakuuliza swali, wewe unamwangalia kama askari kanzu, kisha unategemea akuone una haiba ya ajabu. Atakuona unaficha kitu, na pengo uliloliacha atalijaza mwenyewe: ama huna kitu kabisa, ama unacho na unamwogopa.

Upande wa pili wapo wanaomwaga yote. Swali dogo tu, na kabla kinywaji hakijafika mezani umeshajua mshahara wake, makato, mkopo wa kaka yake aliomdhamini, na jinsi bosi anavyomwonea. Hapo aliyeuliza naye hana pa kujishika. Akionesha huruma ni tatizo, akinyamaza ni tatizo.

Kuna dada ninayemfahamu, mshonaji, analipwa kwa oda. Mara ya pili kukutana na kijana mmoja akaulizwa, bila hata kuzunguka, "Kwa mwezi unaingiza ngapi?" Akamjibu: "Mimi nashona kwa oda, kwa hiyo kuna miezi minono na kuna miezi mikavu. Kodi na matumizi yangu najilipia mwenyewe. Hesabu yenyewe tutaongea tukifika huko. Wewe kazi yako inakulipa kwa mwezi au kwa kibarua?"

Hilo jibu nalipenda mno. Kwanza, hela inatoka wapi na inakuja vipi. Hicho ndicho kinachoonesha maisha ya mtu yalivyo, kuliko tarakimu, maana tarakimu ya mwezi mnono ingemdanganya kijana na ya mwezi mkavu ingemtisha bure. Pili, anajimudu au hajimudu. Tatu, kasema wazi mlango gani umefungwa kwa sasa, wala hakujifanya hakusikia swali. Halafu akauliza la kwake, lenye uzito uleule. Sentensi nne, na kila moja ni ya kweli, kwa hiyo miezi sita baadaye hana haja ya kujikumbusha alisema nini. Mwenye kuongeza sifuri kwenye mshahara siku ya kwanza ataishi akiilisha hiyo sifuri.

Kama hujimudu, usiseme unajimudu. Sema, "Sasa hivi nasaidiwa na nyumbani, natafuta kazi." Inauma, lakini ni fupi, na haihitaji historia ya nani alikuharibia.

Haya, nakubali, wapo wanaouliza kwa nia mbaya. Hao utawajua kwa swali linalofuata. Mwenye nia ya kukufahamu akishajibiwa hivyo huhamia kwenye kazi yenyewe: umeianzaje, unaipenda? Mwingine atang'ang'ania tarakimu, kisha atataka kujua mshahara unaingia tarehe ngapi, benki gani, na kama kuna ndugu anayeijua akiba yako. Huyo hakuna sentensi nne za kumpa. Mwambie hayo huyazungumzi, na pochi yako usiiache mezani.

Hesabu kamili zina wakati wake, nao ni pale hela zenu zinapoanza kugusana: mnapotaka kupanga nyumba pamoja, mmoja anapoomba mwenzake amdhamini mkopo, mnapopanga ndoa. Hapo madeni nayo yatajwe kwa kiasi chake kabla mtu hajasaini chochote. Kabla ya hapo, sioni kwa nini mtu wa mikutano miwili ajue salio lako.

Na akikuuliza kuhusu wapenzi wa zamani? Kanuni yangu ni kwamba kinachobadilisha uamuzi wa huyu aliye mbele yako leo kitajwe leo. Una mtoto, au ndoa yako haijavunjwa rasmi, au bado unakaa nyumba moja na uliyeachana naye. Hizo si siri za kutunza hadi mazoea yaje. Mengine yanatosha hivi: "Nilikuwa na mtu miaka kadhaa, tuliachana mwaka juzi, hatuwasiliani." Nani alimkosea nani, meseji gani ilikutwa kwenye simu, hayo hapana. Kwanza mwenzako hajasikia upande wa pili, na wewe ukimchana mtu kwa dakika arobaini anachosikia yeye ni kwamba bado hujatoka huko. Idadi nayo usiitaje kwa kulazimishwa. Mwenye kudai orodha, muulize ataifanyia nini.

Kuhusu kazi sina la ziada, isipokuwa hawa wa "napambana". Unapambana na nani, ndugu yangu? Kama unauza simu, sema unauza simu.