Mara 21 kwa mwezi: tezi dume na mbegu za uzazi

"Barazani kwetu Majengo vijana wasema mwanamume asipotoa manii mara 21 kwa mwezi atapata saratani ya tezi dume. Wazee nao wasema ukitoa ovyo unamaliza mbegu, mtoto hutampata. Tushike lipi?"

Nambari ya vijana haikuzuliwa barazani. Ilitoka Marekani, kwenye utafiti wa wanaume wanaofanya kazi za afya: madaktari wa meno, wafamasia, madaktari wa mifugo na wenzao. Mwaka 1992 waliulizwa kila mmoja akumbuke alikuwa akitoa manii mara ngapi kwa mwezi alipokuwa na umri wa miaka 20 hadi 29, alipokuwa na miaka 40 hadi 49, na katika mwaka uliotangulia swali. Zilihesabiwa zote: za tendo la ndoa, za kujichua na za ndotoni. Kisha wanaume 31,925 wakafuatiliwa hadi mwaka 2010, na 3,839 kati yao wakagunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume. Waliosema walitoa mara 21 au zaidi kwa mwezi waliipata saratani hiyo kwa uchache zaidi kuliko waliotoa mara 4 hadi 7. Ukitazama ujana wao wa miaka ya ishirini, tofauti ilikuwa kama asilimia 19. Ukitazama miaka yao ya arubaini, kama asilimia 22.

Kwa hivyo vijana wana pa kusimamia. Tatizo ni walivyoigeuza hesabu hiyo. Utafiti haukusema kwamba asiyefika 21 ataugua. Chukua mfano wa kubuni: tuseme katika wanaume 100 wa kundi la mara chache, 10 wangeugua maishani. Asilimia 20 pungufu maana yake katika kundi la mara nyingi wangeugua 8. Wale 90 wa kwanza walikuwa salama tangu mwanzo, na wale 8 hawakuokolewa na chochote. Na hiyo 21 yenyewe ni mpaka uliowekwa na watafiti ili wapange watu katika makundi. Hakuna kinachobadilika mwilini mtu akivuka kutoka 20.

Kuna jambo jingine ambalo mimi nalipa uzito kuliko hesabu. Nafuu ile ilionekana zaidi kwenye saratani za hatari ndogo, zile zinazokua polepole na ambazo wengi hufa nazo, si kwa sababu yake. Kwa saratani kali zinazoua, uhusiano haukuwa wazi hivyo. Tena mtu wa miaka 60 anaulizwa mambo ya chumbani ya alipokuwa na miaka 25. Nani kati yetu angejibu bila kuongeza au kupunguza? Hata hivyo, nisiwe mkali kupita kiasi. Mtu angeweza kudhani waliotoa mara nyingi walikuwa tu na afya bora zaidi, lakini kundi hilo lilikuwa na uzito mkubwa zaidi, pombe zaidi, talaka zaidi na historia zaidi ya magonjwa ya zinaa. Bado tofauti ilibaki. Upande wa pili, waliotoa mara 0 hadi 3 walikuwa na maradhi mengine mengi, na huenda ni maradhi hayo yaliyopunguza hamu yao.

Tafiti nyingine nazo hazikuimba wimbo mmoja. Ule wa Australia wa mwaka 2003 ulielekea upande huohuo, hasa kwa waliotoa mara nyingi wakiwa na miaka ya ishirini. Ule wa Uingereza wa mwaka 2009, uliowahusu wanaume waliogunduliwa kabla ya miaka 60, ulikuta kinyume kwa miaka ya ujana: shughuli nyingi iliambatana na hatari zaidi, na nafuu ikaonekana kwa miaka ya hamsini tu.

Kwetu sisi Mombasa pana kikwazo cha ziada. Wale Wamarekani walikuwa karibu wote wazungu, na saratani hii huwapata wanaume wenye asili ya Afrika zaidi na mapema zaidi. Kinachojulikana wazi kuongeza hatari ni umri, asili, na kuwa na baba au ndugu wa tumbo moja aliyeugua. Mwenye ndugu aliyeugua asijifiche nyuma ya nambari ya baraza. Azungumze na daktari kuhusu kipimo cha damu cha PSA, protini inayotoka tezi dume, kuanzia miaka 40 au 45. Na hapa ndipo kutoa manii kunapohusika kwa uhakika: kunaweza kupandisha PSA kwa muda, kwa hivyo ni vyema mtu ajizuie siku mbili kabla ya kutolewa damu. Asipoambiwa hilo, anaweza kurudi nyumbani na jibu la kumtia hofu ya bure.

Sasa twende kwa wazee, maana wao pia wana robo ya ukweli. Ukitoa leo na kesho, mbegu za kesho zitakuwa chache kuliko za leo. Lakini hazimaliziki. Korodani hutengeneza mamilioni ya mbegu kila siku, usiku na mchana, hadi uzeeni. Mbegu moja huchukua kama siku 74 kutengenezwa, kisha hukaa siku kadhaa ikikomaa kwenye mrija wa nyuma ya korodani. Zisizotoka huzeeka humohumo, hufa, na mwili huzinyonya. Wala manii unayoyaona si mbegu tupu: sehemu kubwa ni majimaji ya vifuko vya manii na ya tezi dume, na kinachotoka korodanini ni kama asilimia 2 hadi 5 tu. Kwa hivyo manii mepesi au machache baada ya kutoa mara mbili hayamaanishi ghala limekauka.

Anayejizuia sana hupata idadi lakini hupoteza ubora. Mbegu zikikaa muda mrefu, nyingi hupoteza mwendo na chembe zake za urithi huanza kukatikakatika. Utafiti mmoja wa Australia uliwafuata wanaume 118 ambao mbegu zao zilikuwa na uharibifu huo. Walipotoa kila siku kwa siku saba, kiwango cha mbegu zilizoharibika kilishuka kwa wastani kutoka asilimia 34 hadi 26. Idadi ilipungua, lakini zilizobaki zilikuwa nzima zaidi.

Utauliza basi ni mara ngapi wanaotafuta mtoto wakutane. Yai huishi chini ya siku moja, mbegu huweza kusubiri siku kadhaa, kwa hivyo mimba hushika katika siku 6 tu: siku ya yai kutoka na tano zilizotangulia. Utafiti wa wanawake 221 uliochapishwa mwaka 1995 ulikadiria nafasi ya mimba kwa mzunguko mmoja. Wakikutana kila siku ndani ya siku hizo 6 ni asilimia 37, wakiruka siku moja moja ni 33, mara moja kwa wiki ni 15. Kati ya kila siku na kuruka siku moja moja tofauti ni ndogo, hivyo kila wanandoa wafuate nguvu na ratiba yao. Anayeweka akiba wiki nzima ndiye anayejipunguzia.

Mfano unaoonekana sana Mombasa ni wa dereva wa lori. Mume anapakia Changamwe, anapita Malaba hadi Kampala na kurudi. Kwa foleni za mpakani huweza kuwa nje wiki mbili na ushei, kisha yuko nyumbani siku tatu. Mke ana mzunguko wa siku 28, na yai lake hutoka karibu na siku ya 14, kwa hivyo siku zake ni ya 9 hadi ya 14. Mume huko njiani anajizuia makusudi, akiamini anarudi na nguvu. Tuseme amefika siku ya 12, baada ya siku 18 bila kutoa. Ya kwanza itakuwa na mbegu nyingi, lakini nyingi kati yake ni kongwe. Wazee wangemwambia ametosheka, asimalize. Ushauri huo ungewapunguzia nafasi: akirudia siku ya 13 na ya 14, idadi itakuwa ndogo lakini mbegu ni mpya zaidi, na siku hizo mbili bado zimo katika zile 6. Akifika siku ya 20, haidhuru ameweka akiba kiasi gani, yai limeshapita. Kwa wanandoa hawa kalenda ya mke ina kazi kuliko hesabu ya mume, na kama tajiri wa lori anakubali kubadilishana safari, hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Sizungumzii zile chupa zinazouzwa vituoni za kuongeza nguvu. Hakuna inayorefusha maisha ya yai. Joto nalo lipo. Kuketi saa nyingi kwenye usukani hupandisha joto la korodani, nazo hutaka kuwa baridi kidogo kuliko mwili. Kama joto limedhuru mbegu, huonekana baada ya miezi miwili hadi mitatu, si wiki hiyo.

Ikifika kupima shahawa, siku zina sheria yake: ujizuie si chini ya 2 wala zaidi ya 7. Ukienda na siku 18 za akiba, jibu linaweza kuonyesha mwendo hafifu, nawe ukadhani ni ugonjwa. Tone la kwanza lisipotee, maana mbegu nyingi zimo humo. Usitumie mate wala mafuta, na usitolee kwenye kondomu ya kawaida. Sampuli ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa na joto la mwili, na kwa mkazi wa Likoni anayetegemea feri hiyo ni kamari. Bora itolewe hukohuko hospitalini. Kwa mizani ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021, mpaka wa chini ni mbegu milioni 39 kwa jumla, na asilimia 42 ziwe zinatembea. Jibu moja baya halitoshi, hurudiwa baada ya wiki kadhaa. Na mwenye idadi ndogo asishauriwe kujizuia zaidi, kwani mara nyingi mwendo wa mbegu zake huwa bora baada ya siku moja tu.

Kiwango cha "kawaida" kwa mwanamume hakipo. Mara mbili kwa siku au mara mbili kwa mwezi, hamu hutofautiana na hupungua kwa umri. Damu kwenye manii kwa aliyepita miaka 40, maumivu wakati wa kutoa, au kufika kilele bila chochote kutoka kwa mwenye kisukari ambaye mkojo wake huwa na ukungu baadaye, hayo ndiyo ya kupelekwa kwa daktari.

Wanandoa wa kawaida huambiwa wapimwe wote wawili baada ya mwaka wa kujaribu, au miezi 6 mke akiwa amepita miaka 35. Dereva wetu ahesabu miezi ile tu aliyokuwa nyumbani kati ya siku ya 9 na ya 14.