Shikamoo au Habari za Kazi: Kumwandikia Mtu Usiyejua Umri Wala Cheo Chake

"Mtendaji wa kijiji amenipa namba ya afisa kilimo anayeitwa Tumaini. Sijui ni mwanamume au mwanamke, mkubwa au mdogo kwangu, wala cheo chake. Mimi nina miaka 52. Nianze na shikamoo au na habari, na nimalizie na nini?" Ameuliza katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi, Isongole, Rungwe.

Ugumu wa jambo hili unatokana na kuchanganya heshima za aina mbili ambazo tukiwa ana kwa ana huwa tunazitenganisha bila hata kufikiri. Shikamoo ni heshima ya umri, na mwenye kuitoa anakubali kwamba yeye ndiye mdogo. Ndugu, Mheshimiwa, Daktari na Mwalimu ni heshima za nafasi, na hazisemi lolote kuhusu nani alizaliwa kwanza. Mkulima wa miaka 52 akikutana na afisa wa miaka 28 ofisini, kijana ndiye atakayeanza na shikamoo, na mzee ataitikia marahaba kisha amweleze shida yake kwa unyenyekevu wote unaostahili ofisi. Kwenye maandishi sura haionekani, kwa hiyo tunajaribiwa kulitumia neno moja kwa kazi zote mbili.

Wapo wanaoshauri kwamba usipojua, mpandishe mtu juu, kwa sababu heshima ikizidi haimuumizi yeyote. Hoja hii ina uzito, hasa kwetu Nyanda za Juu Kusini ambako mtoto hufundishwa shikamoo kabla hajaanza shule, na ambako mtu wa makamo anayepokea ujumbe ulioanza na "Mambo" anaweza kuuacha siku nzima bila kuujibu. Afisa huyo akiwa na miaka 57, shikamoo itapokelewa vizuri na mazungumzo yatafunguka.

Akiwa na miaka 28, hata hivyo, umempa kazi ngumu. Shikamoo inadai marahaba, na kijana aliyelelewa vizuri hawezi kuandika marahaba kwa mtu ambaye maelezo yake ya pili yanaonyesha kwamba ana wajukuu. Atairuka salamu na kwenda moja kwa moja kwenye shida, na wewe utaona ukimya ule kama dharau, ingawa yeye alikuwa anakwepa kukukosea adabu. Kuna pia wanawake wa miaka 30 na kitu ambao wakiandikiwa "Shikamoo mama" na mtu mzima huhisi wamezeeshwa. Kwa hiyo si kweli kwamba heshima ikizidi haina gharama, kwa kuwa gharama hiyo hulipwa na anayepokea.

Upande wa pili unasema andika kwa ofisi, usiandike kwa mtu. Ndivyo barua zetu za kiserikali zinavyofanya tangu zamani: juu huandikwa cheo, kama vile Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, kisha "Ndugu", kisha kichwa cha habari, na hakuna anayeuliza mkurugenzi ana miaka mingapi. Ndugu halibagui mwanamume na mwanamke, jambo linalosaidia sana katika mkoa wa Mbeya, ambako majina mengi ya ukoo yanayoanza na Mwa- hubebwa na wote, na ambako Tumaini anaweza kuwa baba au mama. Udhaifu wake ni ubaridi. Kwenye ujumbe wa simu, "Ndugu" likisimama peke yake bila salamu linasomeka kama wito wa barazani, na mzee anayejua kwamba wewe ni mdogo wake ataona umemnyima kilicho chake.

Nikipima pande hizi mbili, naegemea ule wa pili, lakini kwa kuuongezea joto. Ujumbe wa katibu wetu ningependa usomeke hivi:

"Ndugu Afisa Kilimo, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi mviringo, Isongole. Namba yako nimepewa na mtendaji wetu wa kijiji. Majani ya viazi vyetu yameanza kukauka kwa ukungu tangu mvua za wiki iliyopita, na tunaomba mtushauri kabla haujaenea. Natanguliza shukrani."

Chini yake aandike jina lake kamili na nafasi yake katika kikundi. "Habari za kazi" nimeichagua badala ya "habari za asubuhi" kwa kuwa ujumbe wa asubuhi unaweza kusomwa jioni, na pia kwa sababu inamsalimu mtu kupitia kazi yake na kuuacha umri wake wazi. "Mtushauri", kwa wingi, inaielekea ofisi nzima, hivyo haimshiki mtu mmoja shati. Kumtaja mtendaji ndiko kunakobeba heshima kubwa kuliko salamu yenyewe, kwa maana kunaonyesha kwamba umepita njia inayofaa. Huyo mtendaji, kwa kweli, angeweza kuulizwa palepale alipotoa namba: "Huyu nimwiteje?" Swali hilo dogo lingemaliza nusu ya mashaka yote.

Mheshimiwa nisingelitumia hapa. Diwani, mbunge, mkuu wa wilaya na hakimu huitwa hivyo na watu wote, lakini afisa kilimo au mtendaji wa kata ni mtumishi, na akiitwa Mheshimiwa na mtu asiyemjua anaweza kuhisi anapakwa mafuta kwa sababu kuna kitu kinatafutwa. Salamu za nyumbani nazo, kama kamwene ya Iringa au ugonile ya Tukuyu, ni tamu zikitamkwa, lakini watumishi huhamishwa, na aliyeletwa kutoka Kigoma mwezi uliopita hatajua aitikie nini.

Katika kuaga, hatari kubwa iko kwenye neno "Wako". "Wako mtiifu" inakaa vizuri chini ya barua ya kuomba kazi yenye anwani na sahihi. Kwenye ujumbe wa simu inageuka kuwa nzito mno, na "Wako" peke yake, ikienda kwa mtu ambaye hujui kama ni mwanamke au mwanamume, inaweza kusomwa kama maneno ya wapenzi. "Wasalaam" inafaa kwa wengi, ila ina mwelekeo wa barua ya ndugu au rafiki. "Natanguliza shukrani" inafaa pale tu unapoomba jambo. Ukiwa unatoa taarifa au unafuatilia malipo ambayo ni haki yako, "Nakutakia kazi njema" inatosha, kwa kuwa haikushushi wala haimbani anayesoma.

Jibu likirudi, lisome kabla ya kuandika mara ya pili. Akianza na "Shikamoo mzee", amekwisha kukadiria umri wako, nawe itikia marahaba bila kusita, kisha uendelee kumwita Afisa kwa sababu cheo chake hakijabadilika. Akijibu "Habari njema, karibu" na kutia jina lake la kwanza tu, amekuruhusu kulegeza, basi acha "Ndugu Afisa Kilimo" na umwite kwa jina alilojitambulisha nalo. Akitia sahihi kwa cheo kamili na herufi za mwanzo za jina lake, baki ulipo hata kama mmeandikiana mara kadhaa. Na akikuita "mwanangu", umepata ruhusa ya kutumia ile shikamoo uliyokuwa umeiweka akiba, na ujumbe unaofuata uanze nayo.