VLOOKUP: TRUE haikisii, inasoma kwa mpangilio

"Nimetafuta bei ya Saruji kwa VLOOKUP kwenye Excel ikaniletea bei ya bawaba, na hakuna kosa lililoonekana. Nimeambiwa niandike FALSE kila mahali na TRUE nisiiguse tena. Ni sawa?"

Kwa jina la bidhaa, ndiyo, FALSE. Kwa kila mahali, hapana.

Wanaosema FALSE daima wana sababu ya kweli. Ukiacha kipengele cha nne bila kukijaza, VLOOKUP huchukua TRUE yenyewe, na TRUE haisomi orodha kutoka juu hadi chini. Huanzia katikati, ikalinganisha, kisha ikaitupa nusu moja. Tuseme orodha yako ina mistari saba kwa utaratibu huu: Saruji, Bati, Misumari, Rangi, Kokoto, Nondo, Bawaba. Ukitafuta Saruji, fomula inaanza na Rangi iliyo katikati. Kialfabeti Saruji huja baada ya Rangi, basi nusu ya juu inaachwa, pamoja na mstari wa kwanza ambao ndio wenye Saruji yenyewe. Inafuata Nondo, kisha Bawaba, na hapo orodha inakwisha. Unapewa bei ya bawaba, 2,500, badala ya 17,500 ya mfuko wa saruji. Ukijaribu Bati, inatoka sawasawa kabisa, kwa kuwa njia ya kukata nusu inapita juu yake. Ndiyo maana kujaribu bidhaa moja hakukuhakikishii chochote.

FALSE ingeipata Saruji popote ilipo. Isipoipata ingeandika #N/A, na mara nyingi chanzo ni nafasi iliyobaki mwishoni mwa jina au namba ya bidhaa iliyoingizwa kama maandishi. Hiyo #N/A usiifunike kwa IFERROR yenye 0, maana utauza bure.

Lakini TRUE imesingiziwa. Wengi hudhani hutafuta jina linalokaribia kufanana. Sivyo. Sheria yake ni moja: leta thamani kubwa kuliko zote ambayo haizidi ile unayotafuta. Sheria hiyo haifai kwa majina, ila ndiyo hasa sheria ya bei ya jumla. Chukua saruji inayouzwa kwa madaraja haya, kiasi kikiwa safu ya E na bei kwa mfuko safu ya F:

```
E2: 1      F2: 17500
E3: 10     F3: 17000
E4: 50     F4: 16500
E5: 200    F5: 16000
```

Mteja anataka mifuko 60, nawe umeiandika B2:

```
=VLOOKUP(B2,$E$2:$F$5,2,TRUE)
```

Jibu ni 16,500, na ni sahihi kwa anayenunua mifuko 50 hadi 199. FALSE hapa ingetoa #N/A, kwa kuwa 60 haimo kwenye orodha. Anayeikataa TRUE atalazimika kuandika kila idadi mstari wake, au kurundika IF ndani ya IF, na bei ikibadilika aanze kuzisaka moja moja ndani ya fomula. Kwenye jedwali anabadilisha seli moja tu.

Masharti yake ni machache, ila hayana msamaha. Andika mwanzo wa daraja peke yake, 50, usiandike "50-199", kwa sababu hayo ni maandishi na namba haitalinganishwa nayo. Daraja la kwanza liwe kiasi kidogo kuliko vyote unavyouza, la sivyo anayenunua chini yake atapata #N/A. Kisha mpangilio: kutoka dogo kwenda kubwa.

Mpangilio huu huvunjika siku mtu anapoongeza daraja jipya chini kabisa. Weka 100 kwa 16,250 kwenye mstari wa 6, chini ya 200, kisha panua fomula hadi F6. Mteja wa mifuko 120 bado atatozwa 16,500: fomula inaanza na 50, inakutana na 200 iliyozidi, inarudi nyuma, na ile 100 haiioni. Wa mifuko 250 naye atatozwa 16,250 badala ya 16,000, maana inapita 200 na kuishia kwenye 100. Wote wawili wamelipa zaidi, na skrini haikuonyesha kosa lolote. Mlinzi wa hili ni rahisi: kwenye G3 andika fomula hii, uiburute hadi mwisho wa orodha, na popote itakapoandika FALSE mpangilio umevunjika.

```
=E3>E2
```

Mwenye Excel 2021, Microsoft 365 au Google Sheets anaweza kutumia XLOOKUP. Hiyo isipoelekezwa hutafuta kilicho sawa kabisa, na ukiipa -1 hufuata sheria ileile ya madaraja bila kudai mpangilio:

```
=XLOOKUP(B2,$E$2:$E$6,$F$2:$F$6,"",-1)
```

Utakayoichagua, ijaribu mipakani: 9 na 10, 49 na 50, 99 na 100, 199 na 200. Katika kila jozi bei inapaswa kushuka.